Suti ya Mtandaoni na Nakala Inayobaki

Huduma za mtandaoni za kubadilisha mavazi kwenye picha hufanya kazi moja. Mtu hupakia picha yake, huchagua au huandika vazi analolitaka, na baada ya muda mfupi hurudishiwa picha ileile akiwa amevaa suti, gauni la kitenge au kanzu ambayo hajawahi hata kuigusa. Kazi yenyewe si ngeni. Studio nyingi za picha mijini zilikuwa na koti na tai vilivyoning'inizwa ukutani kwa ajili ya wateja wa picha za pasipoti, na baadaye mafundi wake wakajifunza kumbandika mteja koti kwa Photoshop. Kilichobadilika ni mahali picha inapokwenda. Faili la studio lilibaki kwenye kompyuta moja, na mwenye picha aliujua mlango wa kuugonga. Faili la huduma ya mtandaoni hubaki kwenye seva ambazo mwenye picha hajui ziko nchi gani wala nani ana ufunguo wake.

Mfano mmoja unatosha kuifuata safari hiyo. Binti wa Mwanza anaomba kazi benki. Hana suti, hivyo anapigwa picha sebuleni kwa simu akiwa na blauzi, ili avalishwe suti mtandaoni na picha aiweke kwenye wasifu wake. Kwa macho yake, picha hiyo ina kitu kimoja tu: yeye. Mtu mwingine akiitazama kwa utulivu huona zaidi. Ukutani nyuma yake kuna cheti cha kidato cha nne chenye jina kamili na shule aliyosoma. Pembeni mdogo wake wa miaka sita ameketi mkekani bila shati. Dirishani unaonekana mnara wa msikiti wa jirani. Blauzi ni nyepesi, na hakuna aliyeijali kwa sababu ilikuwa inakwenda kufunikwa na suti. Lakini kinachopakiwa ni picha ya kabla ya suti. Nakala itakayobaki kwa wenyewe ni ile ambayo mwenye picha hakutaka ionekane.

Ndani ya faili kuna mengine yasiyoonekana kabisa. Simu huandika kwenye kila picha kumbukumbu ziitwazo EXIF: tarehe na saa, aina ya simu, na kama huduma ya mahali imewashwa, nukta za GPS za pale picha ilipopigwa. GPS ya simu chini ya anga wazi hukosea kwa mita tano hivi, kiasi kinachotosha kuitofautisha nyumba moja na nyingine. Desemba 2012 John McAfee, tajiri wa programu za kuzuia virusi aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize, alijulikana yuko Guatemala kwa sababu jarida lililosafiri naye lilichapisha picha yake mtandaoni bila kufuta nukta hizo. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza kumbukumbu hizo, ila ikitumwa kama hati hubaki nazo zote.

Picha ikishabonyezwa kupakiwa, baadhi ya vivinjari huonyesha alama ya kufuli, na wengi hutulia wakiiona. Kufuli hiyo ni ya kweli, lakini inalinda njia tu. Inamzuia jirani anayetumia Wi-Fi ileile kuichungulia picha ikiwa safarini. Ikifika kwenye seva inafunguliwa, kwa kuwa mashine haiwezi kumvalisha mtu suti bila kumwona. Hapo huhifadhiwa kwenye ghala la faili, huingia foleni, kisha hupelekwa kwenye kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro, ambayo mara nyingi ni ya kampuni nyingine inayokodisha mashine. Matokeo huhifadhiwa nayo, na mtumiaji hupewa kiungo. Huduma nyingi ndogo hutoa kiungo kisichodai nenosiri: yeyote atakayekipata, kwa kutumiwa au kwa kukikuta kwenye historia ya kompyuta ya kafe, ataiona picha. Kwa hiyo picha moja iliyopakiwa mara moja tayari ina nakala kadhaa: ya asili, ya matokeo, ya kampuni ya mashine, na ya akiba inayochukuliwa ili huduma isipoteze data zake ikiharibikiwa. Kitufe cha kufuta kinaweza kuigusa moja tu kati ya hizo.

Hatari inayotokea mara kwa mara zaidi haihitaji mdukuzi hodari. Ni ghala lililoachwa wazi. Julai 2025 programu ya simu iitwayo Tea, iliyokusudiwa wanawake wa Marekani, ilivujisha picha zipatazo 72,000. Kati yake takriban 13,000 zilikuwa picha za uso na vitambulisho ambavyo watumiaji walivituma ili kuthibitisha kwamba ni wanawake. Tea haikuwa huduma ya mavazi, lakini kisa chake kinafundisha kuliko tangazo lolote la huduma ya mavazi, kwa sababu watumiaji walikuwa wameambiwa kwamba picha hizo za uthibitisho zingefutwa. Zilikuwa zingali zipo kwenye ghala la zamani, na watu wakaanza kuzigawana kwenye mabaraza ya mtandaoni.

Ahadi ya kufuta, basi, haiwezi kukaguliwa na aliyeahidiwa. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana na kampuni ya Everalbum, iliyokuwa na programu ya kutunza picha iitwayo Ever. Tume ilisema kwamba kampuni iliwaahidi watumiaji kuwa wakifunga akaunti picha zao zingefutwa, kumbe ziliendelea kuwekwa. Picha za watumiaji zilikuwa pia zimetumika kufundishia mfumo wa kutambua nyuso. Amri ya Tume ilikuwa kali kuliko ilivyozoeleka: kampuni ilitakiwa kufuta picha za waliofunga akaunti pamoja na mifumo yenyewe iliyotokana na picha zilizopatikana isivyo halali. Ilibidi serikali ya nchi kubwa iingie ndani ndipo jambo hilo lijulikane.

Masharti ya matumizi nayo husema mambo mawili kwa pamoja. Julai 2019, FaceApp ilipovuma duniani kwa kuwazeesha watu kwenye picha, wasomaji wa masharti yake waligundua kwamba mtumiaji aliipa kampuni ruhusa ya kudumu, isiyoweza kuondolewa, ya dunia nzima na isiyo na malipo, ya kuitumia picha yake. Kampuni ilijibu kwamba picha nyingi hufutwa kwenye seva zake ndani ya saa 48. Kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli. Ya kwanza inaeleza kampuni inaruhusiwa kufanya nini, ya pili inaeleza inafanya nini kwa sasa, na ya pili inaweza kubadilishwa kesho bila kumuuliza mtu. Kwa mwenye haraka, masharti yanafaa kutafutwa mambo matatu tu: muda wa kutunza picha ukiwa umeandikwa kwa saa au siku, kama picha hutumika kufundishia akili mnemba, na nani mwingine anapewa. Pale palipoandikwa "kwa muda unaohitajika" hapana muda uliotajwa. Tovuti isiyotaja jina la kampuni, anwani wala nchi haina haja ya kusomwa masharti, kwani hakuna wa kuyadai.

Zipo pia huduma ambazo kubadilisha nguo ni jina la heshima tu. Ufundi wa kumvalisha mtu suti na ule wa kumvua nguo kwa kubuni ni mmoja, na tovuti nyingine hutoa vyote viwili kwa wateja tofauti. Agosti 2024 Mwanasheria wa Jiji la San Francisco, David Chiu, alifungua kesi dhidi ya wamiliki wa tovuti 16 za kuwavua watu nguo kwenye picha. Ofisi yake ilisema tovuti hizo zilitembelewa zaidi ya mara milioni 200 katika miezi sita ya kwanza ya mwaka huo. Huduma ambayo matangazo yake yanadokeza habari za kuondoa nguo haifai kupewa picha ya mtu yeyote, hata kama mtumaji anataka koti tu.

Sheria ipo, ingawa mkono wake hauendi mbali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kenya imeonyesha kwamba picha ni data: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Fundi cherehani anayepakia picha ya mteja ili amwonyeshe mshono wa kitenge, au mwenye duka la nguo anayefanya hivyo kila siku, anashughulika na taarifa za mtu mwingine, na ridhaa inayotakiwa ni ya aliye pichani. Tovuti ya nchi ya mbali isiyo na ofisi popote ni habari nyingine. Kuishitaki kunawezekana kwenye karatasi zaidi kuliko mahakamani.

Binti wa Mwanza bado anahitaji suti yake, na kuna njia ya kuipata mtandaoni bila kukabidhi karibu chochote. Kwanza ahame sebuleni asimame mbele ya ukuta mtupu. Hatua hiyo peke yake inaondoa cheti, mtoto na mnara. Pili azifute kumbukumbu za EXIF. Kwenye kompyuta, programu ya bure iitwayo ExifTool huzionyesha kwa amri ya kwanza hapa chini na huzifuta kwa ya pili:

```
exiftool picha.jpg
exiftool -all= picha.jpg
```

Amri ya pili huacha pembeni faili lingine liitwalo `picha.jpg_original`, lenye kumbukumbu zote kama zilivyokuwa, na si ajabu mtu akalipakia hilo kwa kukosea. Asiye na kompyuta anaweza kuifungua picha kwenye simu na kupiga picha ya skrini, kwa kuwa faili jipya halirithi nukta za mahali. Ubora hupungua kidogo.

Tatu, na hapa ndipo penye faida kubwa, akate kichwa. Mashine ya kumvalisha mtu haina haja ya uso wake. Inachohitaji ni shingo, mabega na kifua. Picha asili hufunguliwa kwenye programu kama GIMP, sehemu iliyo juu ya kidevu hufunikwa kwa rangi moja isiyopenyeza, na nakala hiyo huhifadhiwa kama faili jipya lenye vipimo vilevile, tuseme pikseli 3000 kwa 4000. Nakala hiyo ndiyo inayopakiwa. Ikirudi na suti, huwekwa kama tabaka la chini, picha asili huwekwa juu yake, na kila kitu cha picha asili isipokuwa kichwa na shingo hufutwa kwa kifutio chenye ukingo laini. Matokeo yakirudi yakiwa madogo, kama huduma nyingi za bure zinavyofanya, hukuzwa kwanza hadi vipimo vya asili, vinginevyo kichwa hakitakaa mahali pake. Huduma nyingine zitakataa picha isiyo na uso. Nyingine zitachora uso wa kubuni, na hilo halina madhara kwa sababu uso wa kweli utaufunika.

Kufunika na kukata kuna mtego wake. Brashi ya simu iliyo nusu angavu, hata ikipitishwa mara tatu, inaweza kuongezewa mwanga mpaka kilichofichwa kionekane. Na Machi 2023 watafiti Simon Aarons na David Buchanan walitangaza kasoro kwenye kihariri cha picha za skrini cha simu za Google Pixel: picha iliyokatwa ilikuwa inabaki na sehemu ya data za picha nzima, na kipande kilichotupwa kiliweza kurudishwa. Kasoro hiyo ilizibwa, lakini picha zilizokwisha kusambazwa hazikurekebishika. Njia ya uhakika ni kuihifadhi picha iliyokatwa kama faili jipya kutoka programu kamili ya kompyuta.

Njia hizi hazitoshi kwa kila picha. Mwili wenye nguo za ndani au za kuogelea ni siri hata bila kichwa, kovu au hina ya mkononi humtambulisha mtu, na picha ya mtoto haifai kupelekwa kwa namna yoyote. Vilevile fundi mwenye picha za wateja hamsini hatakaa kukata vichwa hamsini. Hapo kazi inafaa kufanyika ndani ya kompyuta ya mwenyewe.

Programu ya ndani ni ile ambayo hesabu zote hufanyika kwenye kifaa kilicho mezani. Kusakinishwa hakutoshi. Photoshop imo kwenye kompyuta, lakini kifaa chake cha Generative Fill hutuma sehemu ya picha kwenye seva za Adobe ili zifanye kazi. Kinyume chake, Photopea hufunguka kwenye kivinjari kama tovuti, huku picha ikihaririwa kwenye kompyuta ya mtumiaji. Jina na sura havisaidii kutambua. Kipimo rahisi ni kukata intaneti: kwenye simu kwa kuwasha hali ya ndegeni, kwenye kompyuta kwa kuzima Wi-Fi na kuchomoa waya, kisha kujaribu kubadilisha nguo kwenye picha ya mfano, ya sanamu ya dukani kwa mfano. Kazi ikikamilika, imefanyika ndani. Ikisubiri au ikilalamika, kulikuwa na seva.

Kwa picha ya wasifu, kifaa cha ndani kinaweza kuwa cha kawaida mno. GIMP na picha ya suti tupu iliyokatwa vizuri vinatosha, na kompyuta ya zamani inaweza. Huo ndio ufundi uleule wa studio, na kwa maombi ya kazi mara nyingi hutoa sura ya kuaminika kuliko akili mnemba, inayopenda kuongeza vifungo na kupindisha kola. Anayetaka kitenge kikae kwa mikunjo ya kweli juu ya mwili anahitaji zaidi. Mfumo wa Stable Diffusion uliotolewa kwa umma Agosti 2022 unaweza kuendeshwa nyumbani kupitia programu kama ComfyUI. Mtumiaji hupaka kinyago juu ya blauzi, huandika vazi analolitaka, na mfumo hujaza palipopakwa tu. Faili la mfumo wa awali lina ukubwa wa gigabaiti nne hivi, na la SDXL karibu saba. Kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya gigabaiti nane hufanya kazi bila taabu. Kompyuta isiyo na kadi hiyo huchukua dakika nyingi kwa picha moja, na wengi hukata tamaa hapo, wakarudi kwenye tovuti. Kukodi mashine ya mtandaoni, mathalani Google Colab, hutatua tatizo la kasi, ila picha inakuwa imetoka nyumbani tena.

Uvujaji wa programu ya ndani una milango yake. ComfyUI hufunguka kwenye kivinjari kwa anwani `127.0.0.1:8188`, ambayo ni kompyuta yenyewe. Ikiwashwa kwa kuongeza neno `--listen`, huanza kupokea watu wengine walio kwenye mtandao uleule, na kwenye Wi-Fi ya hosteli au ya kafe hilo ni kuacha mlango wazi. Viongezeo ni hatari kubwa zaidi: Juni 2024 kiongezeo cha ComfyUI kiitwacho ComfyUI_LLMVISION kiligunduliwa kuwa kinaiba manenosiri yaliyotunzwa kwenye vivinjari vya waliokisakinisha. Jaribio la kukata intaneti halimnasi mwizi wa aina hiyo, kwa kuwa anaweza kungoja mpaka intaneti irudi. Kinga yake ni kusakinisha vichache, kutoka kwa waandishi wanaojulikana, na kuchagua mifumo yenye faili la `.safetensors` badala ya `.ckpt`, kwani la pili linaweza kubeba amri zinazojiendesha linapofunguliwa.

Halafu kuna mabaki. ComfyUI hutunza nakala ya kila picha iliyopakiwa kwenye folda yake ya `input` na matokeo kwenye `output`, na mtu huweza kufuta picha kwenye mezani akasahau folda hizo kwa miezi. Faili la PNG linalotoka hubeba ndani yake maelekezo yote yaliyoandikwa, pamoja na jina la picha iliyotumika. Faili lililoitwa kwa jina la mteja na nambari yake ya simu litasafiri na jina hilo mpaka kwa yeyote atakayelipokea, na ndiyo sababu ExifTool ipitishwe juu ya matokeo pia. Ikiwa folda ya picha imeunganishwa na OneDrive au Google Drive, kila kitu hupanda mtandaoni chenyewe usiku, na kazi yote ya kukwepa seva inakuwa bure.

Kompyuta inayotumiwa na watu wengi, ya kafe, ya ofisi au ya rafiki mwenye kadi nzuri ya michoro, haihesabiki kuwa ya ndani kwa mwenye picha. Binti wa Mwanza akilazimika kuchagua kati ya kompyuta ya namna hiyo na huduma ya mtandaoni ya kampuni inayojulikana, iliyoandika kwamba hufuta picha ndani ya saa 24, picha iliyokatwa kichwa mbele ya ukuta mtupu iko salama zaidi mtandaoni. Picha nzima ya sebuleni haifai kupelekwa kwenye yoyote kati ya hizo mbili.